Chaja iliyofanana na orijino kwa kila kitu isipokuwa tabia

Kichwa cha chaja kilikuwa kinaning'inia ukingoni mwa meza, hakijachomekwa kwenye chochote isipokuwa kijimita changu cha USB-C. Upande wa pili wa kijimita hapakuwa na kitu. Hapakuwa na konsoli ya gemu, pedi ya kuchezea wala simu.

Kioo cha mita kiliwaka na kuandika volti 14.8.

Nilichomoa, nikachomeka tena. 14.8. Nikachukua chaja nyingine ninayoiamini nikaifanyia vilevile, na mita ikabaki giza, kama inavyotakiwa. Nikarudi kwenye ile ya kwanza na kusoma lebo yake upya, neno kwa neno. Namba ya modeli ilikuwa HAC-002, ambayo ndiyo ya chaja ya Nintendo Switch. Volti 5 kwa ampea 1.5, volti 15 kwa ampea 2.6. Kila kitu kilikuwa sawa, hata unene wa herufi.

Wiki kadhaa sasa chaja ile haijanitoka kichwani. Feki za ovyo zipo tangu zamani, na mtu akiangalia vizuri anazijua. Hii ilinisumbua kwa sababu aliyeitengeneza alijua hasa tutatazama wapi, akapatengeneza hapo na kuacha kwingine kote.

## Pedi ndiyo iliyotangulia kufa

Ilianza na mpwa wangu. Alikuja na mfuko, akaniamkia, kisha akatoa konsoli na kuiweka mezani taratibu kama anayeweka mtoto mgonjwa.

"Mjomba, haichaji. Jana usiku ilikuwa nzima."

Nilifungua. Tundu la chaja lilikuwa safi, pini zake zimenyooka. Betri ilikuwa imeisha lakini haikuwa imevimba. Nilipochomeka chaja yangu kupitia mita, volti zilikaa 5 na mkondo ukawa karibu na sifuri. Konsoli nzima ya aina hii ikipewa chaja yake huanza na volti 5, na muda mfupi baadaye hupanda hadi 15. Hii haikupanda.

Karibu na tundu la chaja, juu ya bodi, kuna chipu ndogo iliyoandikwa M92T36. Kazi yake ni kuongea na chaja: kutambua nani amechomekwa, kuuliza ana umeme wa aina gani, na kuomba unaofaa. Niliweka multimita kwenye mlio nikagusa kapasita zinazoizunguka. Moja ililia. Kulikuwa na shoti hadi ardhini mahali ambapo hapatakiwi kuwa na shoti. Nilipoiondoa chipu kwa hewa ya moto na kupima tena, shoti ilitoweka. Nikaweka chipu mpya, konsoli ikachaji.

Fundi yeyote wa mashine hizi ameshabadilisha chipu hiyo. Ni ugonjwa wa kawaida, na ningeweza kuishia hapo.

Lakini mpwa wangu alitaja jambo lingine kana kwamba halihusiani. Pedi yake kubwa, ile ya kushika kwa mikono miwili, nayo ilikuwa imekufa wiki chache kabla. Alikuwa ameichomeka ichaji usiku, asubuhi haikuwaka tena na hajui kwa nini.

Nilimuuliza aliichaji kwa kutumia nini.

"Kwa chaja hiyohiyo ya konsoli."

Nikamwambia aniletee hiyo chaja.

## Kinachosemwa ndani ya kichwa cha USB-C

Ili volti 14.8 hewani zieleweke ni kosa gani, inabidi kujua jinsi chaja ya USB-C inavyotakiwa kukaa ikiwa peke yake. Inatakiwa ikae kimya kabisa. Kichwa chake kisiwe na umeme.

Hili huwashangaza wengi, kwa sababu chaja tulizozizoea, zile zenye tundu pana la mstatili, hutoa volti 5 muda wote ziwe zimechomekwa au la. Waliobuni USB-C walibadilisha hilo makusudi. Tundu hili dogo lina pini 24, na kati ya pini moja na jirani yake kuna nusu milimita tu. Tundu hilohilo linaweza kubeba volti 5 za kuchaji pedi, volti 15 za konsoli, au 20 za kompyuta ya mapajani. Kama umeme mkubwa ungekuwa umeshawekwa pale wakati mtu anachomeka gizani huku mkono umepinda, kila uchomekaji ungekuwa kamari.

Kwa hiyo kuna utaratibu. Kifaa kinachotaka kuchajiwa kina rezista ya kiloohmu 5.1 iliyounganishwa kati ya pini ya mawasiliano, inayoitwa CC, na ardhi. Chaja huchungulia pini hiyo. Isipoiona rezista, haitoi kitu. Ikiiona, inajua kuna mtu mlangoni, na hapo ndipo inapotoa umeme, tena unaanza na volti 5 tu. Kinachofuata ni mazungumzo: chaja inataja orodha ya volti ilizonazo, kifaa kinachagua, chaja inakubali, kisha volti zinapanda. Kifaa kikichomolewa, chaja inaona rezista imepotea na kukata umeme.

Pedi haina haja ya mazungumzo hayo marefu. Yenyewe ni ya volti 5 na haiombi zaidi. Ukiichomeka kwenye chaja ya kweli ya konsoli, chaja itatoa volti 5 na kuishia hapo, kwa sababu hakuna aliyeomba 15. Ndiyo maana ukiwa na chaja orijino unaweza kuchaji konsoli na pedi bila kufikiri.

Chaja ya mpwa wangu haikuwa na sikio. Ndani yake hakuna kinachochungulia CC wala kinachotaja orodha. Ilikuwa na volti 15 au karibu na hapo, zimepelekwa moja kwa moja kwenye kichwa, usiku na mchana. Konsoli ilizipokea kwa sababu njia yake kuu ya umeme inazihimili. Pedi haikuwa na nafasi: sehemu yake ya kuchaji, iliyojengwa kwa volti 5, ilipewa mara tatu yake.

Basi konsoli ilikufaje, ikiwa volti 15 inazihimili?

Hapa ndipo nilipokaa sana. Pini ya CC imepakana moja kwa moja na pini ya umeme mkubwa. Njia ya CC ni ya volti 5 au chini yake, na inaingia moja kwa moja kwenye ile chipu ya M92T36. Chaja ikiwa na adabu, wakati kichwa kinaingia hakuna umeme, kwa hiyo hata pini zikigusana kwa bahati mbaya hakuna kinachotokea. Chaja ikiwa na volti 15 muda wote, kila unapochomeka unapitisha umeme huo nusu milimita kutoka kwenye pini isiyouweza. Na kichwa cha chaja ile kilikuwa kinacheza: nilipokichomeka kwenye tundu zima, kiliyumba juu na chini kwa namna ambayo kichwa cha orijino hakiyumbi. Kinaweza kupita salama mara nyingi. Siku moja mtoto anakichomeka kwa kukipindisha, pini mbili zinagusana kwa kufumba na kufumbua, na chipu imekwenda.

Siwezi kuthibitisha kwamba ndivyo ilivyotokea usiku ule. Chipu iliyoungua haisemi iliunguzwa na nani. Lakini vifaa viwili vimekufa kwa chaja moja, sababu ya kila kimoja inaelezeka, na chaja yenyewe nimeiona kwa macho yangu ikivunja kanuni ya kwanza kabisa ya USB-C. Mimi nimeridhika.

## Jaribio la kichwa kilicho wazi

Hiki ndicho kipimo ninachotaka kila mwenye konsoli ya USB-C akijue, kwa sababu kinachukua chini ya dakika na hakihitaji kufungua chochote.

Tafuta kijimita cha USB-C cha kupitisha, kile cha kawaida chenye tundu la kike upande mmoja na kichwa upande mwingine na kioo katikati. Chomeka chaja ukutani. Chomeka kichwa cha chaja kwenye kijimita. Upande wa pili usiweke kitu.

Kioo kikibaki giza, chaja imefaulu hatua ya kwanza. Inasubiri kuona rezista, na haijaiona.

Kioo kikiwaka na kuonyesha volti 5, chaja haichungulii CC. Haitaunguza kitu kwa volti hizo, lakini umeshajua kwamba lebo inayosema volti 15 na mazungumzo ni uongo au nusu ya uongo.

Kioo kikiwaka na kuonyesha volti 9, 12, 15 au zaidi, chomoa ukutani na usiitumie tena kwa chochote.

Hatua ya pili ni kuweka konsoli upande wa pili wa kijimita. Ukitumia chaja nzuri utaona volti 5 kwanza, halafu 15. Ukiondoa konsoli na kuweka pedi, lazima zibaki 5. Mimi huanza na kitu nisichokionea uchungu, kama betri ya akiba ya zamani, kabla ya kuweka konsoli ya mtu.

Tahadhari mbili. Jaribio hili ni la chaja yenye waya wake wa USB-C moja kwa moja, au chaja yenye tundu la USB-C na waya wa C pande zote mbili. Chaja yenye tundu pana la zamani itawasha mita siku zote kwa volti 5, na hilo si kosa lake. Na vijimita vichache vya bei ya juu huwa vina rezista yao ndani ya kujifanya kifaa. Hivyo vitaamsha hata chaja nzuri, kwa hiyo hakikisha hali hiyo imezimwa.

## Ambacho jicho bado linaweza kukamata

Nilikuwa naamini zaidi macho. Tangu chaja hii nayaamini kidogo tu, lakini sijayaacha.

Uzito bado unasema. Chaja ya wati 39 inahitaji transfoma ya maana, kapasita kubwa ya upande wa umeme wa ukutani, na vipande vya chuma vya kupoza. Iliyotolewa hivyo vitu ni nyepesi, na ukiishika pamoja na orijino mkononi tofauti unaihisi mara moja. Wapo wanaotia kipande cha chuma ndani ili kuongeza uzito, kwa hiyo wepesi ni ushahidi dhidi yake lakini uzito si ushahidi kwake.

Kichwa nacho kinasema. Tazama ndani ya ganda la chuma la USB-C. Kwenye kichwa kizuri ganda ni kipande kimoja kisicho na mshono, mwanya wa ndani umekaa katikati kabisa, na pini zote zina urefu na rangi moja. Kwenye chaja ya mpwa wangu ganda lilikuwa limekunjwa na mshono wake unaonekana, na mwanya wa ndani ulikuwa umeegemea upande mmoja. Ni kasoro ndogo sana. Nilihitaji lenzi kuiona vizuri.

Lebo, boksi na stika inayong'aa siviangalii tena. Hivyo ndivyo vitu rahisi zaidi kuiga katika mnyororo mzima, na ndivyo vinavyoigwa kwa bidii zaidi.

## Waya peke yake unaweza kuua

Baada ya chaja nilianza kupima kila waya ulioingia mezani kwangu, na hapo nilikumbuka kisa cha Benson Leung. Huyu alikuwa mhandisi wa Google ambaye mwaka 2015 alianza kununua nyaya za USB-C zilizokuwa zinauzwa Amazon na kuzipima moja moja, akiandika hadharani zipi zinafuata kanuni. Mwanzoni mwa 2016 alichomeka waya mmoja, na papo hapo ukaharibu kompyuta yake ya mapajani na vipima vyake viwili. Alipoufungua alikuta uzi wa umeme na uzi wa ardhi umebadilishwa nafasi. Palipotakiwa chanya palikuwa na hasi. Juu ya hapo rezista ilikuwa si yenyewe na imewekwa mahali pasipo pake, na baadhi ya nyuzi hazikuwepo kabisa. Machi mwaka huohuo Amazon ilipiga marufuku nyaya za USB-C zisizofuata kanuni.

Waya ule kwa nje ulikuwa waya kama waya mwingine.

Kubadilishwa kwa chanya na hasi ni nadra. Kosa ninalolikuta mara kwa mara ni la ubahili: nyuzi nyembamba. Unene wa nyuzi huandikwa kwenye ganda la waya kwa namba ya AWG, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo uzi unavyokuwa mnene. Waya mzuri wa kuchaji utakuta umeandikwa kitu kama 28AWG/1P 24AWG/2C, maana yake jozi moja ya nyuzi nyembamba za data na nyuzi mbili nene za umeme. Feki huandika hivyohivyo, kisha ndani zote ni 28.

Tuseme waya una mita 2. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo unasafiri mita 4. Uzi wa shaba wa 28 una ukinzani wa karibu ohmu 0.21 kwa mita, jumla ohmu 0.85. Konsoli ikivuta ampea 1.5, volti 1.3 zinapotelea njiani. Chaja inatoa volti 5, konsoli inapata 3.7. Haiwezi kuchaji hivyo. Itapunguza uvutaji, na utaona betri inasuasua au inashuka huku unacheza na chaja imechomekwa. Kwa nyuzi za 24 upotevu ungekuwa nusu volti, na mashine isingelalamika. Umeme uliopotea kwenye waya mwembamba, karibu wati 2, umegeuka joto, na joto hilo huzidi pale ambapo uzi umeungwa vibaya, yaani kwenye kichwa kilichomo ndani ya tundu la konsoli yako. Plastiki iliyokunjamana kuzunguka kichwa cha waya ni dalili ninayoiheshimu sana.

Kuna ubahili mwingine unaofichika zaidi. Baadhi ya nyaya ni za alumini iliyopakwa shaba juu. Ukikata waya uliokwisha kuharibika, chukua uzi mmoja na uukwaruze kwa kisu. Ukiwa mwekundu nje na mweupe ndani, ni alumini. Ukiwa mweupe nje na mwekundu ndani, ni shaba iliyopakwa bati, na hiyo ni nzuri. Wengi hukosea hapa kwa kuangalia rangi ya juu tu. Alumini ina ukinzani mkubwa zaidi kwa unene uleule na hukatika upesi ikikunjwa.

Na iko ile rezista. Waya wenye kichwa kipana upande mmoja na USB-C upande mwingine lazima ubebe rezista ya kiloohmu 56 ndani ya kichwa cha USB-C. Inakiambia kifaa kwamba kinachota umeme kwenye tundu la zamani, hivyo kisivute zaidi ya kiwango cha kawaida. Nyaya mbaya huweka kiloohmu 10, ambayo maana yake ni "vuta hadi ampea 3". Kifaa kinaamini na kuanza kuvuta. Kinachoumia hapa mara nyingi ni aliye nyuma: chaja ndogo ya zamani, au tundu la USB la konsoli nyingine ambalo halikujengwa kutoa kiasi hicho.

## Pedi feki haiui konsoli, lakini inadanganya

Baada ya kusema yote hayo juu ya chaja, nataka kuwa mkweli kuhusu pedi. Watu wengi huniuliza kama pedi feki itaharibu konsoli yao. Mara chache sana. Inaongea kwa blutuu, na kwa njia hiyo haina umeme wa kuunguza chochote. Hatari yake imo ndani yake yenyewe: betri.

DualShock 4 orijino, yaani pedi ya PS4 ya Sony, ina betri ya mAh 1000. Kwenye feki lebo ya betri husema hivyohivyo, lakini ukifungua unakuta seli ndogo na nyepesi, wakati mwingine haina kabisa kijibodi cha ulinzi kinachotakiwa kuzuia seli isipite volti 4.2 wakati wa kuchaji na kuikata inapopata shoti. Pedi ambayo maganda yake yameanza kuachana mgongoni haijalegea skrubu. Betri inavimba. Acha kuichaji, na usiibonyeze ili irudi.

Kuitambua pedi yenyewe, mimi huiuliza kwa kompyuta yenye Linuksi. Chomeka kwa waya, kisha:

```
lsusb -d 054c:
sudo dmesg | grep -i playstation
```

054c ni namba ya Sony. DualShock 4 ya toleo la pili hujitambulisha kama `054c:09cc`, ya kwanza kama `054c:05c4`. Feki huiga namba hizo bila shida, kwa hiyo mstari wa kwanza pekee hautoshi. Wa pili ndio wenye maana. Draiva inaiomba pedi ijibu maswali kadhaa, likiwemo la toleo la programu yake ya ndani. Pedi ya Sony hujibu. Nakala nyingi hazina jibu, na kwenye kumbukumbu unakuta:

```
Failed to get firmware info from DualShock4
```

Pedi ya kampuni nyingine iliyotengenezwa kihalali nayo inaweza kukosa jibu hilo, na hakuna kosa hapo, kwa sababu haijajiita ya Sony. Mstari ule unakuwa ushahidi pale tu pedi ina jina la Sony mgongoni na namba ya Sony kwenye `lsusb`, kisha haiwezi kusema toleo lake. Upande wa pili, nakala chache zimefundishwa kujibu. Kwa hizo naangalia kazi zinazogharimu pesa kuziweka: spika ndogo ya mbele, tundu la hedifoni, padi ya kugusa inapoguswa kwa vidole viwili pamoja, na hisia ya kuinamisha. Nakala za bei ya chini hukosa angalau kimoja.

Kwenye PS4 yenyewe kuna kipimo kingine, kinachohitaji subira. Konsoli hiyo huitaka pedi ithibitishe utambulisho wake kwa ufunguo wa siri. Isiyoweza huachwa icheze, kisha hukatwa baada ya dakika 8 hivi. Pedi inayokatika katikati ya gemu, ukiiunganisha tena inakubali, halafu inakatika tena baada ya muda uleule, haina tatizo la betri.

## Ambacho sijaweza kukipima

Nimeandika kana kwamba kijimita kinamaliza kazi. Hakimalizi, na hili ndilo limenifanya nichelewe kuandika.

Kila kitu nilichopima kiko upande wa volti ndogo. Upande wa pili wa chaja kuna umeme wa ukutani. Penye volti 230, ndani ya chaja umeme huo ukishanyooshwa hufika karibu volti 325. Kinachoutenganisha na kichwa unachokishika ni transfoma yenye tabaka za insulesheni, nafasi ya milimita kadhaa iliyoachwa wazi kwenye bodi, na kapasita maalumu ya usalama ambayo ikiharibika hukatika badala ya kupata shoti. Vitu hivi vitatu ndivyo feki hupunguza kwanza, kwa sababu chaja itafanya kazi vizuri tu bila hivyo. Itafanya kazi mpaka siku itakayopata unyevu au mshtuko wa umeme. Mwaka 2016 UL, kampuni inayopima usalama wa bidhaa, ilipima chaja feki 400 za simu zenye nembo ya Apple. Zaidi ya asilimia 99 zilishindwa vipimo vya msingi, na 12 kati yake zilikuwa mbovu kiasi cha kuweza kumuua mtu kwa umeme. Hizo ni za simu, lakini waliozitengeneza walibana matumizi palepale anapobana mtengeneza chaja feki ya konsoli.

Chaja inaweza kukaa kimya hewani, ikapanda hadi 15 kwa heshima zote, na bado ndani ikawa na transfoma iliyovikwa utepe mmoja. Mimi sina mezani kifaa cha kupima insulesheni kwa volti elfu kadhaa, na sishauri mtu aifungue chaja aliyochomoa sasa hivi ili achungulie, maana kapasita kubwa ndani yake hubaki na umeme kwa muda.

Kwa hiyo jaribio la kichwa wazi nalitumia kwa upande mmoja tu: kukataa. Chaja iliyoshindwa nimeshaijua. Iliyofaulu bado nauliza imetoka wapi, na kama jina la mtengenezaji wake linapatikana mahali pengine nje ya lebo yenyewe. Chaja ya kampuni ndogo iliyoweka jina lake wazi, ikataja volti zake na kuzitoa kama ilivyotaja, naipokea kuliko iliyovaa jina la mwenzake.

Ile ya mpwa wangu niliikata waya karibu na kichwa na tena karibu na boksi lake, ili asiiokote mwingine akaiunga. Yeye nilimpa chaja nyingine pamoja na kijimita. Juzi alinipigia: amepima za rafiki zake wote, na moja imewaka.

Anataka kujua amwambieje mwenye nayo, ambaye anasema anaitumia siku nyingi na haijamfanya chochote. Nilimwambia amuulize kama amewahi kuchajia pedi.